Kusoma Picha ya Yavuyavu Kabla ya Kushauri Aliyechomwa

Anayeanza kazi ya uokoaji pwani, au ya kuwapokea wageni katika kituo cha kuzamia, atajikuta mapema anaonyeshwa simu. Mtu ameshika mguu wake mwekundu, na katika kioo cha simu kuna kitu cha buluu juu ya mchanga. Swali ni lilelile kila siku: je, ni hatari? Jibu linategemea spishi, na spishi za buluu zinazoletwa pamoja na upepo mmoja hufanana kwa rangi tu. Sumu zao ni mbalimbali kabisa.

Wa kwanza kumjua ni Physalia. Watu humwita yavuyavu, au konyeza, ingawa si yavuyavu halisi bali ni kundi la viumbe vidogo vilivyoungana chini ya kibofu kimoja cha hewa. Kibofu hicho huonekana kama puto lililopinda, la buluu au zambarau, na hukaa juu ya maji ili upepo ukisukume. Ndiyo maana upepo wa bahari unapovuma kuelekea nchi kavu kwa siku kadhaa, fukwe zinazouelekea hujaa viumbe hawa, na asubuhi inayofuata picha huanza kumiminika. Chini ya kibofu huning'inia mnyiri mrefu wenye seli za mwasho. Kila seli ni kifuko chenye uzi uliokunjwa, ambao hufyatuka unapoguswa bila kusubiri amri ya ubongo, kwa hiyo Physalia aliyekufa na kulala mchangani anaweza bado kuchoma.

Wa pili na wa tatu huja naye mara nyingi. Velella ana umbo la yai lililobapa na tanga dogo linalopita juu yake. Porpita ni kisahani cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko sarafu, chenye kitovu cha rangi ya dhahabu na ukingo wa nyuzi za buluu. Hao wote wawili hawana kibofu kama puto, na kwa watu wengi mguso wao ni mwasho mdogo au hausikiki kabisa, ingawa ni vyema mtu asijisugue macho baada ya kuwashika. Ukiona tanga au kisahani, basi, moyo wako utulie kidogo. Ukiona puto, uliza mengine mara moja.

Nasema uulize, kwa sababu kosa langu kubwa lilitokana na kutouliza. Msimu mmoja wa kusi, katika ufuo unaotazama mashariki, mgeni alinionyesha picha safi ya Porpita, akaniambia kuwa ndiye aliyemchoma. Nilimtambua kiumbe bila shida, nikamwambia mgeni kwamba maumivu yatapita muda si mrefu, nikageukia kazi nyingine. Baada ya dakika chache alirudi akilia. Nilipoutazama mguu wenyewe niliona mstari wa vidoti vyekundu vilivyovimba, vilivyofuatana kama shanga, ukizunguka shavu la mguu kwa urefu wa zaidi ya shibiri moja. Kisahani cha sentimita tatu hakiwezi kuacha alama ya namna hiyo. Nilipofuata nyayo zake hadi alipokuwa ameoga, nikakuta, hatua chache kutoka kwa Porpita aliyepigwa picha, vibofu vitatu vya Physalia, kimoja kikiwa na uzi wa buluu uliotandazwa juu ya mwani. Mgeni alikuwa amepiga picha ya kiumbe aliyempendeza, na aliyemchoma hakumwona.

Tangu siku hiyo huomba picha mbili, moja ya kiumbe na nyingine ya alama mwilini, kisha huuliza kama zinaafikiana. Picha ya kiumbe iwe na kitu cha kupimia kando yake, kama vile sarafu au kandambili, kwa maana kibofu cha sentimita tano kikipigwa kwa karibu huonekana kama mpira. Ipigwe tena kutoka pembeni, kwani tanga la Velella halionekani vizuri kwa kutazama kutoka juu, na mnyiri wa Physalia ukifukiwa na mchanga hukatwa nje ya picha. Kamwe kiumbe asiwekwe kiganjani kwa ajili ya picha. Hili linahusu hasa kikonokono kizuri kisicho na gamba kinachoitwa Glaucus, cha buluu na fedha, chenye vijimkono kama mabawa, ambacho hula Physalia na kuzihifadhi seli zake za mwasho ndani ya mwili wake. Picha nyingi za kuvutia za kiumbe huyu zimepigwa akiwa mkononi mwa mtu, na wapigaji wake walibahatika tu.

Alama ikionyesha Physalia, suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi zilizobaki kwa kibano au kwa mkono uliovaa glavu, wala usisugue kwa mchanga. Kisha zamisha kiungo katika maji ya moto ya karibu nyuzijoto 45 kwa dakika 20. Jaribu joto hilo kwa mkono wako kwanza ili usimuunguze mtu. Katika jaribio lililofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2006, watu 96 waliochomwa na Physalia walipewa ama maji ya moto ama barafu, na baada ya dakika 20 asilimia 87 ya waliopata maji ya moto walisema maumivu yamepungua, ikilinganishwa na asilimia 33 ya waliopata barafu. Kuhusu siki, wataalamu wanapingana: miongozo ya Australia haiipendekezi kwa Physalia, ilhali uchunguzi wa maabara uliofanywa Hawaii uliiona inafaa. Mimi hubaki na maji ya moto.

Siki ina mahali pake pasipo ubishi mkubwa, nao ni kwa yavuyavu wa sanduku. Huyu humtambui kwa rangi, kwa kuwa mara nyingi mwili wake unaonyesha kilicho nyuma yake kama kioo, bali kwa mwavuli wenye pembe nne na minyiri inayotoka kwenye pembe hizo tu. Chironex fleckeri wa kaskazini mwa Australia aweza kumuua mtu kwa dakika chache. Siki humiminwa kwa sekunde 30 au zaidi ili kuzizuia seli ambazo bado hazijafyatuka; sumu iliyokwisha kuingia haiondolewi nayo, kwa hiyo mmoja anamimina wakati mwingine anaita gari la wagonjwa.

Na kuna wale ambao picha haitawapata kamwe. Carukia barnesi, ambaye pia anapatikana Australia, ana mwavuli wa sentimita moja au mbili hivi, na alama yake yaweza kuwa ndogo hata mtu asiijali. Baada ya takriban nusu saa huja maumivu makali ya mgongo na tumbo, jasho, kutapika na shinikizo la damu linalopanda. Kwa sababu hiyo aliyechomwa na kitu asichokiona, hata akisema amepona, humweka kivulini karibu nami kwa saa nzima, na akianza kulalamika mgongo naacha kuitazama picha, nampeleka hospitali.