Kutoka rejesta ya ubatizo hadi msitu wa Józefów: serikali ilivyowatenga Wayahudi, na kwa nini askari wa kawaida walishiriki

Swali: "Wakuu, kila mara nasoma kuwa Wanazi waliua Wayahudi milioni 6. Lakini kiutendaji ilikuwaje? Serikali ilianzia wapi? Na wale makarani na polisi wa kawaida walikubali vipi, au waliogopa kuuawa wao?"

Mkuu, nitakujibu kwa kufuata mji mmoja, Hamburg, kwa sababu hapo unaziona ofisi zilizowafukuza Wayahudi na askari waliowapiga risasi, wote wametoka mitaa ileile.

Tuanze na makaratasi. Wanazi walipoingia madarakani mwaka 1933, Wayahudi hawakufika hata asilimia 1 ya watu wa Ujerumani. Walivaa kama wenzao, wakaongea lugha moja nao, na wengi wao walikuwa wamepigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Ujerumani. Aprili 7 ikatoka sheria ya kuwaondoa kwenye utumishi wa serikali, na papo hapo ofisi zikakwama: Myahudi ni nani? Siku nne baadaye kanuni ikasema ukiwa na babu au bibi mmoja tu Myahudi, inatosha. Novemba 1935, baada ya Sheria za Nuremberg za kuwabagua Wayahudi, wakabadili: mwenye babu na bibi watatu au wanne Wayahudi ni Myahudi. Mwenye wawili aliangaliwa zaidi, kama ameandikishwa kwenye jumuiya ya sinagogi au amefunga ndoa na Myahudi. Kama la, aliingizwa kwenye fungu la "machotara", lenye masharti yake.

Sasa angalia kichekesho kilichomo humo. Walihubiri damu na mbari, lakini hawakuwa na kipimo chochote cha damu. Babu alihesabiwa Myahudi kwa dini yake, yaani kwa jina lake kuwa kwenye daftari la sinagogi badala ya daftari la ubatizo la kanisa. Mtu aliyebatizwa akiwa mchanga na kusali kanisani maisha yake yote alitangazwa Myahudi kwa sababu ya imani ya wazee waliokwisha kufa. Ili mfumo huo ufanye kazi, mapadri, wachungaji na makarani wa vizazi na vifo waliandika nakala za vyeti vya zamani kwa wingi mno. Karani aliyenakili mstari mmoja wa mwaka 1850 na kuugonga muhuri hakumgusa mtu. Hata hivyo mwanahistoria Raul Hilberg, aliyepitia nyaraka hizi kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake, aliiweka kazi hiyo kuwa hatua ya kwanza: kwanza kumtaja Myahudi ni nani, kisha kumnyang'anya mali, kisha kumkusanya mahali pamoja, mwisho kumuua. Kila hatua hutumia orodha iliyoachwa na hatua iliyotangulia.

Hatua ya mali nitaipitia haraka. Aprili 1938 kila Myahudi mwenye mali ya zaidi ya maki 5,000, fedha ya Ujerumani wakati huo, aliamriwa kuiorodhesha. Novemba mwaka huohuo, baada ya usiku ule wa kuchoma masinagogi na kukamata wanaume wapatao 30,000, serikali ikawatoza Wayahudi wenyewe faini ya maki bilioni moja. Watu wa kodi hawakuhangaika kutafuta nani atoe kiasi gani, maana tangu Aprili walikuwa na fomu mezani. Aliyetaka kuhama nchi alikatwa kodi ya kukimbia, robo ya mali yake. Kodi hiyo haikutungwa na Wanazi. Ilikuwepo tangu 1931 kwa ajili ya matajiri waliokuwa wakihamisha fedha, wao wakaigeuza tu.

Twende Hamburg, Septemba 1941. Ndege za Waingereza zilishambulia mji usiku, watu wakakosa makazi. Mkuu wa chama cha Nazi mkoani, Karl Kaufmann, akamwomba Hitler Wayahudi waondolewe ili nyumba zao wapewe waliobomolewa. Ombi lilifika wakati mzuri kwa Wanazi, kwani miji mingine nayo ilikuwa ikisukuma vivyo hivyo. Oktoba 25 treni ya kwanza iliondoka na watu zaidi ya 1,000 kuelekea Łódź, Poland iliyokuwa imetekwa.

Jinsi ilivyopangwa ndiyo inayojibu swali lako la "kiutendaji". Barua ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ilikuja kwa posta ya rejesta: uripoti siku fulani kwenye jengo la zamani la Wamasoni pale Moorweide, ukiwa na mzigo usiozidi kilo 50. Ulijaza fomu ya mali iliyouliza kila kitu, akaunti za benki, bima, hadi vyombo vya jikoni na mashuka. Ulikabidhi funguo, nyumba ikafungwa kwa lakiri. Baada ya hapo Gestapo haikuwa na kazi tena na nyumba yako. Faili lilihamia ofisi ya fedha. Ofisa alikuja kukadiria kabati na meza. Mwenye nyumba akaiandikia serikali kudai kodi ya miezi ambayo chumba kilikaa kimefungwa, na kampuni za gesi na umeme zikadai bili za mwisho. Vitu vikapigwa mnada. Mwanahistoria Frank Bajohr, aliyechunguza Hamburg, anakadiria kuwa watu wasiopungua 100,000 wa mji huo na maeneo ya karibu walinunua vitu vya Wayahudi kwenye minada ya miaka ya vita, vikiwemo vilivyoletwa kwa meli na treni kutoka Uholanzi na kwingineko Ulaya Magharibi.

Reli nayo ilitoza nauli: fenigi 4 kwa kilomita kwa mtu mzima, sawa na daraja la tatu. Watoto chini ya miaka 10 walilipiwa nusu, chini ya miaka 4 bure. Kundi likizidi watu 400, nusu bei. Askari wa kulinda walikatiwa kwenda na kurudi, waliopelekwa wakakatiwa kwenda tu.

Palitokea na hitilafu ya kisheria. Novemba 25, 1941 ikatoka kanuni kwamba Myahudi anayeishi nje ya Ujerumani hupoteza uraia na mali yake huwa ya dola. Maana yake treni ikivuka mpaka tu, hakuna haja ya hukumu wala saini. Lakini Łódź na Auschwitz zilikuwa kwenye sehemu za Poland zilizounganishwa na Ujerumani, kwa hiyo aliyepelekwa huko kisheria hakuwa ametoka nchini! Kwa hao walilazimika kutumia njia nyingine: hati ya kila mtu inayomtaja kuwa adui wa taifa, aliyopelekewa na tarishi wa mahakama kabla ya kupanda treni. Watu waliokuwa njiani kwenda kufa walisaini kupokea karatasi.

Kati ya waliolinda jengo lile la Moorweide na kusindikiza baadhi ya treni walikuwa askari wa Batalioni ya Polisi wa Akiba 101, ya hapohapo Hamburg. Hawakuwa vijana waliokulia kwenye itikadi. Wastani wa umri ulikuwa miaka 39: makuli wa bandarini, madereva, wahudumu, makarani. Robo hivi ndio waliokuwa wanachama wa chama cha Nazi. Juni 1942 wakapelekwa wilaya ya Lublin, Poland, karibu watu 500.

Alfajiri ya Julai 13 walifika kijiji cha Józefów chenye Wayahudi wapatao 1,800. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, alisimama mbele yao sauti ikitetemeka, akawaeleza amri: wanaume wenye nguvu za kazi watengwe, waliobaki, wanawake, watoto na wazee, wapigwe risasi. Kisha akasema kwamba miongoni mwa askari wenye umri mkubwa, asiyejiona kuweza na ajitokeze. Alianza mmoja. Ofisa wake akamfokea, Trapp akamkingia kifua, ndipo wengine kama kumi wakatoka. Wakarudisha bunduki, wakasubiri kazi nyingine. Daktari wa batalioni akawaonyesha waliobaki mahali pa kulenga shingoni. Mauaji yakaendelea msituni hadi usiku, mtu na mtu wake, ana kwa ana. Wengine walishindwa katikati wakaomba kuondolewa, wengine wakajificha nyuma ya malori. Jioni pombe ikagawiwa. Walikufa watu wasiopungua 1,200, huenda 1,500.

Wakubwa waligundua kuwa utaratibu ule uliwavuruga askari, wakaurekebisha. Agosti, kule Łomazy, risasi zilipigwa zaidi na wasaidizi waliochukuliwa kwenye kambi za mateka wa Kisovieti, polisi wa Hamburg wakikusanya na kulinda. Baadaye kazi kubwa ikawa kusukuma watu kwenye treni za kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka. Walio wengi hawakuhitaji tena kufyatua, na malalamiko yakapungua.

Sasa kwa nini. La kuogopa kuuawa liweke pembeni. Baada ya vita mawakili wa watuhumiwa walitafuta kwa juhudi zote hata kesi moja ya askari aliyeadhibiwa vikali kwa kukataa kupiga raia wasio na silaha, hawakuipata. Christopher Browning, katika utafiti wake wa 1992, alisoma mahojiano ya watu 210 wa batalioni hii. Anakadiria waliokwepa kuua ni kati ya asilimia 10 na 20. Maelezo yake yanaegemea kundi: ukitoka kwenye mstari, kazi chafu unawaachia wenzako, nao ndio unaokula na kulala nao katika nchi ya ugeni. Ndiyo maana waliokataa walisema "mimi ni dhaifu", si "hili ni kosa". Neno la kwanza liliwaacha wenzao bila hukumu.

Daniel Goldhagen, mwaka 1996, alitumia mahojiano yaleyale akasema sababu ni moja, chuki ya Wayahudi iliyokita ndani ya Wajerumani, na waliua kwa kuamini. Browning alimjibu, pamoja na mengine, kwa kutaja kuwa batalioni ilikuwa na vijana 14 wa Luxembourg, na hakuna dalili kuwa walitenda tofauti.

Mimi naona Browning yuko karibu zaidi na ukweli, ila chunga mtego ulio kwenye chanzo chenyewe. Mahojiano yalifanywa na waendesha mashtaka wa Hamburg kuanzia 1962. Wakati huo kuua bila kukusudia ubaya kulikuwa kumepitwa na muda wa kushtakiwa. Kilichobaki ni mauaji yenye nia mbovu, na chuki ya mbari ilihesabiwa nia mbovu. Kwa hiyo askari aliyekiri kuwachukia Wayahudi alijifunga mwenyewe, aliyesema "nilifuata wenzangu" alijiokoa. Kimya cha itikadi kwenye kurasa zile si ushahidi kwamba haikuwepo. Watafiti waliofuata wamekwenda kwenye mafunzo ya siasa waliyopewa polisi na maana ya "undugu wa kikosi", na hapo unaona hoja mbili hazipingani sana: kundi ndilo linalokusukuma, lakini miaka tisa ya sheria na mabango ilikuwa imekwisha kuamua nani hayumo kwenye kundi.

Trapp mwenyewe alihukumiwa kifo na kuuawa Poland mwaka 1948, na kesi yake ilihusu hasa Wapolandi 78 waliouawa kwa kulipiza kisasi, si Józefów. Askari wake wengi walirudi makwao, na waendesha mashtaka walipoanza kuwaita, baadhi yao walikuwa bado wanavaa sare ya polisi wa Hamburg.