Maswali na Majibu: Mgonjwa Anayeogopa Kuchukuliwa Maji ya Uti wa Mgongo

Mgonjwa akisikia "maji ya uti wa mgongo" anakataa, anasema atapooza. Nimwambie nini?

Muulize kwanza amesikia nini na kwa nani, kwa sababu neno "usiogope" halijibu hofu yenye sababu. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo huishia kwenye usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Maelezo hayo ni yako wewe muuguzi. Mgonjwa mguse mgongoni kwa kidole, umwambie: "Baba, uti wenyewe unaishia hapa juu. Daktari atachoma hapa chini, akiwa ameshaupita. Atatoa maji kidogo, kama kijiko kimoja cha chai, na mwili wako utayarudisha leo hii hii." Hapo hujamdanganya, kwani mwili hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku. Akiuliza kama kuna hatari, mjibu kwamba madhara makubwa ni nadra sana. Usiseme kwamba hayapo kabisa. Mkumbushe pia kwamba wanawake wengi waliojifungua kwa upasuaji walichomwa ganzi sehemu hiyo hiyo, na wanatembea.

Je, nimwambie haiumi ili atulie?

Hapana. Ganzi yenyewe huchoma inapoingia kwenye ngozi, kisha hubaki hisia ya kusukumwa. Ukimdanganya kwa hilo la kwanza, hatakuamini kwa lolote litakalofuata.

Namuuliza "umeelewa?", anajibu ndiyo, kisha sindano ikigusa anaruka. Tatizo ni nini?

Swali hili huletwa kwangu kila mara, na kila mara kosa ni lile lile: mgonjwa mwenye adabu hawezi kumwambia sista aliyesimama mbele yake kwamba hakuelewa. Swali linalojibiwa kwa ndiyo halipimi chochote.

Chukua mfano wa baba wa makamo mwenye homa na shingo iliyokakamaa, ambaye ameitikia kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho wa maelezo. Muuguzi anamwambia: "Nimeongea haraka, huenda sikueleza vizuri. Mama wa nyumbani akija jioni akikuuliza umefanyiwa nini, utamjibuje?" Naye anajibu: "Nitamwambia mmenichoma dawa mgongoni ili nipone." Kumbe anasubiri tiba, wakati sisi tunatafuta ugonjwa. Muuguzi hana haja ya kuanza upya; anasahihisha hapo tu: "Dawa itakayoingia ni ya ganzi, ili usiumie sana. Baada ya hapo tunatoa maji yakapimwe, tujue ni mdudu gani anayekusumbua." Kisha anamwuliza tena, na safari hii jibu linakuwa sahihi.

Halafu anamwomba amwonyeshe atakavyolala: kwa ubavu, magoti yamevutwa tumboni, kidevu kimeinama kifuani. Anamaliza kwa kumwuliza atafanya nini akisikia maumivu, na jibu linalotakiwa ni kwamba atasema kwa mdomo bila kujitikisa. Aliyejizoeza hivyo kabla ya sindano haruki ovyo. Ikiwa mgonjwa amechanganyikiwa na hawezi kurudia hata jambo moja, usijilazimishe kupata jibu. Mwite daktari, na maelezo yaende kwa ndugu wa karibu.

Ndugu wanasema jirani yao alikufa baada ya sindano hiyo. Niwajibuje?

Kwa heshima, maana pengine ni kweli alikufa baada yake. Homa ya uti wa mgongo huua, na wengi huletwa wakiwa wamechelewa, kwa hiyo sindano hubebeshwa lawama ya ugonjwa. Waelezeni pia kwamba kwa homa inayoletwa na fangasi, ambayo huwapata zaidi watu wenye kinga dhaifu, kutoa maji ni sehemu ya matibabu, kwa kuwa hupunguza shinikizo kichwani. Hata hivyo, mgonjwa akiwa na degedege, udhaifu wa upande mmoja au fahamu zinazopungua, mjulisheni daktari kabla ya kuandaa sinia, kwani huenda picha ya kichwa ikahitajika kwanza. Dawa za kuua vijidudu zisicheleweshwe kwa kungoja kipimo.

Akishasaini fomu, kazi yangu imekwisha?

Haijaisha. Dole gumba kwenye karatasi halionyeshi kwamba mtu ameelewa.

Siku ya pili analalamika kichwa. Nilipaswa kumwambia mapema?

Ndiyo, kabla ya sindano, ili asidhani ameharibiwa. Mwambie kwamba huenda kichwa kikauma akikaa au kusimama na kutulia akilala, na kwamba kwa kawaida huisha ndani ya siku chache kwa mapumziko na dawa ya maumivu. Miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kukataa kutoka, au maji kuendelea kuvuja penye kidonda ni habari nyingine: aite muuguzi saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Hilo nalo mwombe alirudie kwa maneno yake.