Ujumbe wa kuambia wazazi kuhusu grupu ya mazoezi

"Makocha, nataka kuambia wazazi saa za mazoezi na kuahirisha zitakuja kwa Wasap, niandike aje ndio waache kunipigia simu?"

Kocha, waambie kimya kinamaanisha nini, maanake simu nyingi hutoka kwa mzazi ameona wingu jeusi na hajui kama mtoto atoke. Mimi ningetuma hivi:

"Wazazi, habari zenu. Kuanzia Jumatatu, saa za mazoezi zitatumwa kwa grupu hii tu. Ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, uwanja wetu wa Kayole. Tukiahirisha nitawaambia kabla ya saa tisa. Msipoona kitu, mazoezi yapo. Mwenye kabambe anipe namba nimtumie esemesi."

Halafu ingia mipangilio ya grupu uweke admini pekee ndio watume, juu bila hivyo zile "asante kocha" zitafunika ujumbe wenyewe na mzazi anayefungua simu akiwa kwa matatu hatauona. Hiyo ratiba iweke pia kwa maelezo ya grupu, anayeingia baadaye kwa kawaida haoni za nyuma.

Siku ya mvua usiandike "leo hakuna" peke yake, kuna mtu atasoma siku ya mazoezi inayofuata aweke mtoto nyumbani bure. Andika "Alhamisi tarehe 14 hakuna mazoezi, uwanja umejaa maji". Na ikianza kunyesha baada ya saa tisa sawa, tuma ujumbe, lakini tafadhali wewe mwenyewe fika uwanjani, kuna watoto washatoka shule wakija na hawana simu.