Imla ya fonetiki: mbona nasikia silabi ambazo hazipo?

"Wadau, kwenye imla ya maneno ya kubuni nakosa kila mara, naongeza vitu ambavyo havikutamkwa. Nafanyaje?"

Hilo lilinitesa sana mi mwenyewe. Neno lilikuwa [tyɣap], mi nikaandika [tiugapi], tukakaa na tyuta wangu tukapitia hivi:

– Gonga meza kila ukisikia silabi.
– Mbili tu, mwalimu.
– Na ulizoandika?
– Ti-u-ga-pi... nne! Lakini ile i na u nilizisikia kabisa.
– Sema i ndefu, ulimi usisogee hata kidogo, halafu viringa midomo kama unasema u.
– Yyy... kumbe ndo hiyo!
– Ndo hiyo [y], irabu moja tu. Ulimi wa i, midomo ya u, sikio lako lina irabu tano tu za Kiswahili kwa hiyo likaigawa mara mbili. Zingekuwa mbili ungesikia sauti inabadilika katikati, hii imetulia mwanzo hadi mwisho.
– Na i ya mwisho?
– Hiyo umeipachika wewe, ni mlipuko mdogo wa p midomo ikiachana, umezoea neno kuishia na irabu.

Kuhusu [ɣ] alinicheka tu, maana ni ile gh ya ghali na mi nimeandika g, uzembe huo.

Kwa hiyo mara ya kwanza ukisikiliza usiandike herufi yoyote, gonga silabi uchore vistari tu, herufi zije raundi ya pili, na ukimaliza soma ulichoandika kwa sauti huku unagonga, mapigo yakizidi vistari basi kuna irabu umeichomeka.