Strein geji moja, AD620 moja, na wiki mbili zilizoniponyoka

Nyie mnaoanza kucheza na strein geji, zile rezista bapa zinazogandishwa juu ya chuma na kubadilika kikivutika, niwape yaliyonikuta mimi kwenye mzani wangu wa kwanza, maana naona watu wanaingia mtego uleule. Nilikuwa na kipande cha chuma kimebanwa upande mmoja, juu yake nimegandisha geji moja ya om 350, geji hiyo ni mkono mmoja wa braiji ya rezista nne inayolishwa volti 5, amplifaya ni AD620 na inayosoma mwishoni ni Arduino. Kwenye karatasi kila kitu safi. Kwenye bredibodi, autiputi imekwama juu kabisa, uweke mzigo usiweke haiondoki.

Kwanza tuelewe ukubwa wa kile tunachokitafuta. Chuma kikivutika maikrostreini 1000, yaani sehemu moja kwenye elfu ya urefu wake, na geji fakta ni 2, maana yake geji inabadilika mara mbili ya hiyo, ile om 350 inaongezeka om 0.7 tu, yaani ni vigumu kuiona vizuri kwa multimita ya kawaida. Kwenye braiji yenye geji moja hiyo inakupa milivolti 2.5. Wakati huohuo waya zote mbili za siginali zimekaa kwenye volti 2.5 kutoka graundi, kwa hiyo unachotaka ni kitu kimoja kwenye elfu, kimepanda mgongoni mwa volteji usiyoihitaji. Ndiyo maana inatakiwa amplifaya ya instrumentesheni, inayotazama tofauti ya waya mbili na kuipuuza ile volteji ya pamoja.

Geini ya AD620, yaani inakuza mara ngapi, inapangwa na rezista moja, RG:

```
G = 1 + 49400 / RG
```

Niliweka om 120, nikapata geini ya 412 na ushee, milivolti 2.5 inakuwa volti 1.03. Kwa sapulai ya volti 5 peke yake AD620 haifiki kwenye kuta, yaani volti 0 na volti 5, autiputi yake inatembea takriban kati ya volti 1.1 na 3.8, kwa hiyo unaipandisha ikae katikati kwa kuipa pini ya REF volti 2.5, halafu unabaki na volti 1.3 hivi kila upande. Inatosha.

Sasa kwa nini ilikwama? Rezista. Om 350 sikuzipata dukani nikaunga 330 na 20, za asilimia moja, nikaona niko makini kweli. Lakini hesabu mwenyewe, mkono mmoja wa braiji ukikosea asilimia moja tu unatoa milivolti 12.5, hiyo ni mara tano ya siginali yote unayoitafuta, zidisha kwa 412 inataka kwenda volti 5 juu ya ile 2.5. Haina pa kwenda, inagonga ukuta na kukaa hapo. Mimi nikabadilisha AD620 mbili nikidhani zimeungua, kumbe zilikuwa nzima kabisa na zinafanya kazi yake kwa uaminifu, zinakuza kosa langu.

Kwa hiyo kabla hujaunga amplifaya, pima kwa multimita milivolti kati ya matokeo mawili ya braiji bila mzigo. Ikizidi milivolti 3 kwa geini hii usiendelee. Mimi nilitafuta rezista za asilimia 0.1, na kiasi kilichobaki nikakisawazisha kwa potenshiometa ya kilo-om 10 ya mizunguko mingi, ncha zake mbili kwenye volti 5 na graundi, ile ya katikati inapita kwenye rezista ya kilo-om 47 kwenda kwenye tokeo moja la braiji. Hiyo inakupa kama milivolti 9 za kusogeza kila upande. Usiweke potenshiometa ndani ya mkono wa braiji wenyewe, mguso wake ukitikisika kidogo tu unabadilika kuliko hata geji.

Basi sifuri ikakaa, volti 2.5 pale pale, nikafurahi mapema. Kumbe kulikuwa na jingine limejificha na hili ndilo lililonila siku nyingi zaidi. Ile volti 2.5 ya REF niliitoa kwenye rezista mbili za kilo-om 10, kama kila mtu anavyofanya mara ya kwanza. Ndani ya AD620 pini ya REF imeunganishwa na rezista ya kilo-om 10, na kigawanyo changu kinaonekana kama kilo-om 5 mfululizo nayo, kwa hiyo 10 imekuwa 15 na ule ulinganifu wa ndani umevunjika. Ubaya wake, kwa sifuri huoni chochote, kwa sababu braiji na REF zote ziko 2.5 kutoka sapulai ileile na kosa linafutika lenyewe. Linaonekana ukiweka mzigo, geini imepanda asilimia 10, na mvumo wa umeme wa hezi 50 unaoingia sawasawa kwenye waya zote mbili, moja ya tano yake inapita hadi kwenye autiputi.

Nililikamata kwa rezista ya kilo-om 175, yaani 100 na 75 zimeungwa mfululizo. Ukiishikiza sambamba na geji ya om 350 inashusha om 0.7, ni kama umeivuta maikrostreini 1000 ila upande wa kushuka, bila mzigo wowote. Nilitegemea autiputi isogee volti 1.03, ikasogea 1.13. Nikarudia mara tatu, 1.13. Dawa yake ni opampu, nusu ya LM358 imeungwa kama bafa kati ya kigawanyo na REF, ikarudi 1.03. Hii rezista ya 175 iacheni na swichi kwenye saketi ya kudumu, kila ukiwa na wasiwasi unabonyeza unaangalia.

Waya nao. Geji yangu ilikuwa mita 3 kutoka mezani kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.14, kwenda na kurudi ni kama om 0.74, yaani waya peke yake ni mkubwa kuliko siginali yote. Potenshiometa inafuta hiyo, sawa, lakini shaba inapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii, kwa hiyo asubuhi na mchana zikitofautiana digrii 10 mzani unaona maikrostreini 40 za uongo, kwa Arduino ya biti 10 ni hatua nane au tisa. Tumieni waya tatu: mbili zinashika ncha moja ya geji na moja inashika ncha ya pili. Ule ulio peke yake unabaki ndani ya mkono wa geji, mmoja wa wale wawili unaingia mkono wa jirani kwa hiyo wakipata joto wanafutana, na wa tatu unapeleka siginali tu kwenye amplifaya, karibu hauna mkondo hivyo urefu wake haudhuru. Nilipobadilisha, kuhama kwa mchana kukapungua sana ila hakukuisha, kilichobaki ni chuma chenyewe kutanuka juani, na hapo nikagandisha geji ya pili kwenye kipande kingine cha chuma kilekile kisichobeba kitu, nikaiweka mahali pa rezista ya mkono wa jirani.