Sadaka yangu ilikuwa kubwa kuliko faida yangu

Juzi dada mmoja wa Ilula, anauza vitunguu, aliniandikia: "Dada, niliahidi milioni kwa ajili ya ujenzi, nimetoa laki tatu, sasa mtaji umekata na jina langu linasomwa kila Jumapili. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe ule nikiwa kibandani Mwanjelwa, nikafunga simu, nikakaa kimya. Mimi pia jina langu limewahi kusomwa. Najua mtu anavyojifanya anatafuta wimbo kwenye kitabu huku shingo ikiwaka moto.

Nauza mchele. Nilipoanza, nilikuwa nafuata mzigo Ubaruku huko Mbarali, magunia ishirini ya kilo mia mia, nauza kwa rejareja na kwa mama ntilie. Nikimaliza mzigo nahesabu pesa zote za kwenye kibubu, nakata sehemu ya kumi, napeleka kanisani. Sikuona tatizo. Fungu la kumi si ni moja ya kumi? Pesa si hizi hapa?

Daftari la wakati ule bado ninalo. Nalitunza makusudi. Ukurasa mmoja unasema hivi: magunia 20, kilo 2,000 kwa shilingi 1,900, jumla 3,800,000. Nauli ya lori 100,000. Wapakiaji na washushaji 40,000. Ushuru 40,000. Pango la kibanda 80,000. Mzigo ulinigharimu 4,060,000 hadi nimalize kuuza. Nikauza kilo kwa 2,250, lakini si kilo zote 2,000, maana kuna za kumwagika, za panya na za kumjazia mteja kidogo ili arudi. Ziliuzwa kilo 1,980. Mauzo 4,455,000.

Toa gharama, faida ni 395,000.

Fungu la kumi nililopeleka ni 445,500.

Nilitoa faida yote, nikaongeza 50,500 kutoka kwenye mtaji, halafu nikachukua laki tatu nyingine za kula na ada ya watoto. Mzunguko wa saba nilinunua magunia tisa. La kumi lilinishinda. Nikaanza kutafuta mchawi. Kweli nawaambia, nilimshuku hadi binti aliyekuwa ananisaidia kupima. Mpaka leo nikimkumbuka naona aibu, kwa sababu aliondoka akijua kwamba nilimshuku.

Na katikati ya hayo ndipo nilipoahidi laki sita za paa. Siku ile kibubu kilikuwa na zaidi ya milioni tatu, nikajiona tajiri. Kumbe zile zilikuwa pesa za magunia yanayofuata. Mfanyabiashara asisimame kuahidi siku aliyomaliza mzigo, maana siku hiyo ndiyo anashika pesa nyingi kuliko siku zote, na karibu zote si zake.

Aliyenifungua macho si mtu wa kanisani kwetu. Ni mzee wa kibanda cha tatu kutoka changu, Mwislamu, mwuza nafaka wa miaka mingi. Nilimsalimia shikamoo, nikalalamika kwamba natoa sana ila sibarikiwi. Akaomba daftari. Akalisoma taratibu, akasema: "Binti, hii siyo zaka ya kwako. Unatoa zaka ya pesa ya watu wa Ubaruku."

Akanionyesha anavyofanya yeye. Zaka yake ni mara moja kwa mwaka wa Kiislamu, siku ileile ya Ramadhani kila mwaka. Siku hiyo anahesabu bidhaa zilizopo kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo, anaongeza pesa taslimu na za kwenye simu, pamoja na madeni ya watu anaojua watalipa, kisha anatoa madeni yanayomkabili yeye. Mizani, mashelfu na pikipiki ya kubebea havihesabiwi, maana haviuzwi. Mfano alionipa: bidhaa milioni 12, pesa mkononi milioni moja na nusu, anadai milioni moja, anadaiwa milioni mbili na nusu. Inabaki milioni 12. Asilimia mbili na nusu yake ni 300,000.

Hapo nikauliza: mwenye kidogo je? Akasema pasipofika nisabu, hakuna zaka. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na hapo wafanyabiashara wadogo wajihadhari, kwa sababu kwa bei za sasa ile ya dhahabu ni makumi ya mamilioni ilhali ya fedha ni milioni chache tu. Yeye anafuata ya fedha ili maskini wapate. Wewe muulize sheikh wako kabla hujaamua. Mkulima naye ana hesabu yake: sehemu ya kumi kwa zao la mvua, nusu ya hapo kwa zao la kumwagilia kwa gharama. Hata shambani jasho na gharama vinatazamwa!

Mimi si Mwislamu na sikuchukua asilimia yake. Nilichukua swali lake: hii namba unayoikata, ni ya nani?

Sasa kila mzigo una ukurasa wake. Sikati kitu mpaka gunia la mwisho liishe, kwa sababu mchele haufuati kalenda ya mshahara. Wakati wa mavuno natoa pesa tu kununua na kuweka stoo, faida inakuja miezi mingine bei ikipanda. Mzigo ukiisha natoa gharama zote, kinachobaki nakikata kumi. Kwa ule ukurasa wa zamani ingekuwa 39,500, siyo 445,500. Nikila laki tatu zangu, mtaji bado unaongezeka.

Ila msiniletee ujanja. Gharama ni nauli, ushuru, mpagazi, pango, magunia. Ada ya mtoto, kitenge na saluni si gharama za mchele. Hayo ni matumizi yako, na fungu la kumi linakatwa kabla yake. Nimeona watu wanaotoa na vocha ya simu ya kupigia mashoga kwenye hesabu, mwisho wanakuta faida sifuri na Mungu hana chake. Huko nako ni kuiba, tena kwa daftari.

Misiba, harusi na michango ya magrupu ya simu nimeitengea asilimia tano ya faida, inakaa kwenye laini yangu ya pili. Laini ikiisha salio nasema, "Mwezi huu nimeshafika mwisho." Wapo waliokasirika. Shangazi yangu mmoja hakunisalimia tangu kipaimara hadi Krismasi. Msiba wa ndani ya ukoo tu ndio unaoruhusiwa kukopa kwenye laini hiyo, na mzigo unaofuata unarudisha.

Dada wa Ilula, kuhusu zile laki saba zilizobaki: usiuze vitunguu kabla havijakauka ili ulipe. Nenda kwa mhazini siku ya kazi, siyo Jumapili, na daftari lako mkononi. Mwambie utalipa kiasi gani kila ukimaliza mzigo, aandike. Mimi nilikwenda nikiwa nimebakiza laki nne, nimejiandaa kulia. Yule mama alichukua kalamu, akafuta tarehe ya zamani, akaandika mizigo minane ya elfu hamsini. Halafu akaniuliza kama mchele wa Kyela umeshaingia, na kilo ni shilingi ngapi.