Mistari ya maegesho ya mshazari: pale nilipopoteza nafasi mbili Ipagala

Kazi yangu ya kwanza ya kupanga maegesho ilikuwa Ipagala, hapa Dodoma, mbele ya fremu za mama mmoja. Uwanja ulikuwa na urefu wa mita 30, na upana wa mita 10.2 kutoka ukingo wa baraza hadi ukuta wa jirani. Nilimwahidi nafasi 11, nikachora 11, rangi ikakauka. Wiki haikuisha akanipigia simu: "Fundi, njoo uone. Yameingia magari sita tu na uwanja umejaa."

Nilikwenda na tepu. Kosa nililolikuta nimeliona baadaye kwenye viwanja vingi vya mjini, kwa hiyo nalieleza lote.

Kwanza, kwa nini mshazari. Ukipaki magari yakiwa yamenyooka, digrii 90, gari linahitaji njia ya karibu mita 6 nyuma yake ili ligeuke na kuingia. Ukiongeza nafasi yenyewe ya mita 5.4, unataka mita 11.4. Sisi tulikuwa na 10.2. Ukilaza nafasi hadi digrii 60, dereva hageuki sana, na njia ya mita 4.2 inatosha. Digrii 45 inaridhika hata na 3.6, ila kila gari linakula ukingo mrefu zaidi. Pale Ipagala digrii 45 ingetupa magari saba tu, kwa hiyo 60 ilikuwa chaguo sahihi. Hapo sikukosea.

Nilikosea kwenye upana. Nilitaka kila nafasi iwe na mita 2.5, nikalaza tepu kwenye ukingo wa baraza, nikatia alama kila baada ya mita 2.5, kisha nikavuta mistari ya mshazari kutoka kwenye zile alama. Kwa macho inaonekana sawa kabisa. Lakini gari haliingii likiwa limenyooka kuelekea ukingo. Linaingia kwa mshazari, na upana wake halisi ni ule unaopimwa kutoka mstari hadi mstari kwa pembe mraba. Nilipopima hivyo nilipata mita 2.17. Sentimita 33 zilikuwa zimepotea kila nafasi. Ningetumia digrii 45 ingebaki mita 1.77, na hapo Hiluksi, yenye upana wa karibu mita 1.85, isingeingia bila kukanyaga mistari.

Kwa mita 2.17, Hiluksi mbili zikipaki ubavuni zinaachiana sentimita 32. Mlango haufunguki mtu akatoka. Ndiyo maana madereva walikuwa wanapaki juu ya mstari, gari moja linachukua nafasi mbili. Hawakuwa wakorofi. Walikuwa wanatafuta pa kufungulia mlango.

Kwa digrii 60, chukua upana unaoutaka ugawe kwa 0.866. Mita 2.5 inakuwa mita 2.89 kwenye ukingo. Kwa digrii 45 gawa kwa 0.707, unapata 3.54. Hiyo ndiyo hatua ya alama zako. Na usipime kila alama kutoka kwenye ile iliyotangulia, maana makosa madogo yanajumlishana. Funga sifuri ya tepu mwanzoni usome mfululizo: 2.89, 5.77, 8.66, 11.55, na kuendelea.

Kosa la pili lilikuwa urefu wa mistari. Nilichora mita 5, kwa kuwa ndicho kipimo nilichofundishwa. Hapa Dodoma ukikaa barabarani dakika kumi utahesabu Hiluksi na Landikruza za serikali, za namba za STK, nyingi kuliko vigari vidogo. Hiluksi ya kabini mbili inafika mita 5.3. Ndiyo maana siku hizi naanza na urefu wa 5.4.

Lakini hata 5.4 si urefu wa mstari. Nafasi ya mshazari inagusa ukingo kwa kona moja tu; kona ya pili inabaki nyuma, na mbele ya kila gari kunabaki pembetatu tupu. Mstari unaoanzia ukingoni unapita kwanza ubavuni mwa pembetatu hiyo kabla ya kufika kwenye nafasi yenyewe. Kwa digrii 60 na upana wa 2.5, kipande hicho ni mita 1.44. Kwa hiyo mstari kamili ni mita 6.84. Mimi nilichora 5, mikia ya magari ikatokeza zaidi ya mita moja nje ya rangi. Kwenye mchoro wangu njia ilionekana pana, karibu mita 5.9, ilhali zaidi ya mita moja ya upana huo ilikuwa imekaliwa na mikia.

Ukitaka kujua nafasi zinachukua kiasi gani kutoka ukingoni, zidisha urefu kwa 0.866, zidisha upana kwa 0.5, ujumlishe. Kwetu: 5.4 inatoa 4.68, na 2.5 inatoa 1.25, jumla 5.93. Toa kwenye 10.2, inabaki njia ya mita 4.27. Inatosha, kwa shida kidogo.

Tulikwangua rangi tukaanza upya, safari hii kwa chokaa. Pembe ya 60 haihitaji chombo. Tia mambo mbili ukingoni, zikiachana mita 5. Chukua kamba mbili za mita 5, funga moja kwenye kila mambo, zivute hadi ncha zikutane uwanjani. Pembetatu yenye pande tatu sawa ina pembe za digrii 60, basi kamba yako ndiyo mstari wa kwanza. Angalia tu inalalia upande gani: mkia wa nafasi uelekee geti la kuingilia, la sivyo dereva atalazimika kugeuza gari karibu lote ndipo aingie.

Kabla ya rangi tuliomba Hiluksi moja na Noa moja. Zikapaki ubavuni, tukafungua milango, kisha tukaitoa Hiluksi kwa rivasi huku mtu amesimama ukutani akiangalia. Ilitoka kwa mkupuo mmoja. Ingebidi irudi mbele na nyuma mara mbili, ningelaza nafasi zaidi hata kama ningepoteza gari moja.

Nafasi zilikuwa tisa. Mistari kumi, ikichukua karibu mita 28.7 za ukingo. Mama alihesabu, akaniuliza, "Mbili zimekwenda wapi?" Nikamwonyesha kwa tepu kwamba hazikuwahi kuwepo.

Uwanja wake una geti mbele na nyuma, barabara mbili, ndiyo maana mshazari uliwezekana. Njia ya mita 4.27 ni ya upande mmoja tu: magari mawili hayapishani, na aliyeingia hawezi kugeuza arudi alikotoka. Mwaka jana mwenye mgahawa Nkuhungu aliniita anataka mistari kama ile ya Ipagala. Uwanja wake una geti moja na mwisho wake ni ukuta. Nilimkatalia. Nilimpangia magari manne yaliyonyooka upande mmoja, na njia ya mita 6.

Zile pembetatu mbele ya magari, mama wa Ipagala alitaka kuzijaza zege. Nilimwomba aache tatu. Zina kina cha mita 1.25 kutoka ukingoni, na sasa kila moja ina mche wa mwarobaini.